Fasili kwanza au mahindi kwanza? Jinsi ya kupanga hatua za kuchunguza mlipuko wa ugonjwa

Swali hili la afya ya jamii hurudi kila msimu wa mitihani, likibadilishwa nguo tu. Mganga mkuu wa wilaya anapata taarifa kwamba ndani ya wiki chache watu kadhaa wamelazwa wakiwa na macho ya manjano, tumbo limejaa maji, na baadhi yao wamefariki. Chini ya maelezo hayo mwanafunzi anakuta hatua sita zilizochanganywa: kuchukua hatua za udhibiti, kuunda dhana ya chanzo, kutunga fasili ya mgonjwa, kuthibitisha kwamba mlipuko upo kweli, kutafuta wagonjwa wengine, na kulinganisha wagonjwa na wasiougua. Anaambiwa azipange.

Nimesahihisha majibu ya swali hili mara nyingi, na makosa yake huwa ya aina mbili. Wako waliokariri orodha, nao hujikwaa mara tu swali linapoiruka hatua moja au kuipa jina jingine. Wako pia wanaokisia chanzo tangu mstari wa kwanza wa maelezo, kisha wakakimbilia kupeleka sampuli za chakula maabara kabla hawajajua mgonjwa ni nani. Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Kila hatua ya uchunguzi hutumia kitu kilichotengenezwa na hatua iliyoitangulia, kwa hiyo ukijua hatua fulani inahitaji kushika nini mkononi ili ianze, mpangilio unajitokeza wenyewe. Ipo hatua moja tu isiyotii utaratibu huo, nayo ni udhibiti. Nitaifikia.

Tutembee na mlipuko mmoja wa kweli. Mwaka 2004, katika maeneo ya ukambani mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walianza kufika hospitalini wakiwa na umanjano, yaani macho na ngozi vimegeuka manjano kwa sababu ini limeshindwa kazi. Hadi Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikufa. Chanzo kilikuja kujulikana kuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sisi tunalijua jibu leo. Timu iliyokwenda kule ilikuwa na watu wa manjano vitandani na sababu nyingi zinazowezekana, na ni vizuri tujiweke mahali pao.

Kabla ya fasili

Jambo la kwanza ni kujua kama kuna mlipuko. Neno hili lina maana mahsusi: wagonjwa kuzidi idadi iliyotarajiwa, mahali fulani, kwa kipindi fulani. Bila kujua idadi ya kawaida huwezi kusema imezidi. Mchunguzi hufungua rejista za hospitali na zahanati na kuangalia miezi kama hiyo kwa miaka iliyopita. Wagonjwa watano wa umanjano kwa mwezi wanaweza kuwa jambo la kawaida katika hospitali kubwa ya rufaa, na wakawa dharura katika kituo cha afya ambacho hakijawahi kuona hata mmoja.

Hapo ndipo watunga mitihani hupenda kutega. Idadi inaweza kupanda bila ugonjwa kuongezeka. Amekuja daktari mpya anayeandika utambuzi ambao mwenzake hakuwa akiuandika. Fomu ya taarifa imebadilishwa. Maabara imepata kipimo kipya. Kambi ya wakimbizi imefunguliwa jirani, na watu wanaohudumiwa na kituo kilekile wameongezeka maradufu. Ukiona mojawapo ya haya ndani ya swali, jua unaulizwa kama umehakikisha mlipuko upo, na huulizwi chochote kuhusu chanzo.

Sambamba na hilo kuna kuthibitisha utambuzi. Mchunguzi huenda kuwaona wagonjwa mwenyewe, akasoma mafaili yao, akahakikisha sampuli za damu zimepimwa. Umanjano unaweza kuletwa na homa ya ini ya virusi, homa ya manjano, malaria kali, pombe haramu iliyotiwa kemikali, hata dawa za kawaida zikizidishwa. Mwaka 2004 maafisa wa afya waliondoa kwanza uwezekano wa virusi vya ini. Kisha kumbukumbu iliwasaidia. Mwaka 1981, huko huko ukambani, watu 20 waliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na 12 wakafa. Ndiyo maana sumukuvu iliingia mapema kwenye orodha ya mambo ya kushukiwa.

Kati ya kuthibitisha mlipuko na kuthibitisha utambuzi, ipi huanza? Vitabu havikubaliani, na kwa haki, kwa sababu uwandani hufanyika siku moja na mara nyingine mtu huyohuyo ndiye anayezifanya. Fuata mtaala wako. Lisilo na mjadala ni kwamba zote mbili hutangulia fasili ya mgonjwa. Orodha ndefu huweka hata kabla ya hizo hatua ya kujiandaa kwa safari: timu, usafiri, vifaa vya kuchukulia sampuli, ruhusa, na kujua nani ataripoti kwa nani. Ikiwemo kwenye machaguo, ndiyo ya kwanza.

Fasili, mahali pa kukaa kidogo

Fasili ya mgonjwa ni sentensi inayomwezesha mtu yeyote kwenye timu, awe Kitui au Makueni, kuamua kwa kipimo kilekile nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Ina sehemu nne: dalili, watu, mahali, wakati. Kiini cha fasili ya mwaka 2004 kilikuwa umanjano wa ghafla usio na chanzo kingine kinachojulikana. Kwa zoezi la darasani tunaweza kuikamilisha hivi: mtu yeyote, wa umri wowote, mkazi wa Makueni au Kitui, aliyepata umanjano wa ghafla kuanzia tarehe 1 Januari 2004, asiye na historia ya ugonjwa sugu wa ini.

Angalia kila kipande kinafanya kazi gani. “Ghafla” na “asiye na ugonjwa sugu wa ini” vinamwondoa mzee ambaye ini lake limekuwa likidhoofika kwa miaka mingi na ambaye angelazwa hata kama pasingekuwa na mlipuko. Tarehe inazuia tusichote wagonjwa wa mwaka jana. Mahali panatuwezesha baadaye kuuliza ni kijiji gani kimeumia zaidi.

Mwanzoni fasili huachwa pana kwa makusudi. Unakubali kuwaingiza wachache ambao si wagonjwa wa mlipuko huu ili usimpoteze hata mmoja aliye wake. Baadaye, ukiwa na vipimo, unaigawa: mgonjwa anayeshukiwa ni yule mwenye dalili tu, anayeelekea kuthibitika ni mwenye dalili pamoja na ushahidi wa ziada, na aliyethibitishwa ana majibu ya maabara. Kwa hiyo ukikutana na swali linalosema “timu imeirekebisha fasili baada ya matokeo ya maabara”, usidhani timu imerudi nyuma. Fasili hukazwa kadiri uchunguzi unavyoendelea, na hilo linaruhusiwa kabisa. Lisiloruhusiwa ni kuanza kuhesabu bila fasili yoyote.

Kuna kosa moja ambalo lazima nilisemee kwa urefu, maana linaharibu uchunguzi mzima na halionekani kwa macho. Usiweke kitu unachokishuku ndani ya fasili. Tuseme mtu ameandika: “mwenye umanjano wa ghafla na aliyekula mahindi ya nyumbani kwake.” Inapendeza, tena inaonekana makini. Lakini fikiria kitakachotokea wiki tatu baadaye, atakapouliza wagonjwa wangapi walikula mahindi ya nyumbani. Jibu litakuwa wote, asilimia 100, kwa sababu asiyeyala alikwisha kukataliwa mlangoni. Ametumia dhana yake kuchagua watu, halafu anawatumia watu hao kuithibitisha dhana ileile. Hata kama mahindi hayakuwa na kosa lolote, yangehukumiwa. Hii ndiyo sababu ya msingi ya fasili kutangulia dhana, na ukiielewa hutahitaji kuikariri.

Kuhesabu, kisha kutazama

Ukishakuwa na fasili unaweza kutafuta wagonjwa. Wanaofika hospitalini ni sehemu tu ya walioumia, na mara nyingi ndio wenye hali mbaya au wenye nauli. Timu hupita wodini, kwenye zahanati, kwa wahudumu wa afya wa jamii, kwa wazee wa vijiji, na hata kwenye kumbukumbu za mazishi. Kila anayetimiza fasili anapewa mstari mmoja katika orodha ya wagonjwa: namba, umri, jinsi, kijiji, tarehe dalili zilipoanza, dalili zenyewe, vipimo, na kama alipona au alikufa.

Orodha hiyo ndiyo inayozaa maelezo ya wakati, mahali na watu. Wengi huiona hatua hii kuwa ya kujaza nafasi, na hawajui kwamba hapa ndipo ugonjwa unapoanza kusema. Chora wagonjwa kwa tarehe ya kuanza dalili. Kama walikula chakula kimoja siku moja, nguzo hupanda ghafla na kushuka upesi, zote ndani ya muda ambao ugonjwa huo huchukua kujitokeza. Kama wanaambukizana mtu kwa mtu, utaona mawimbi, kila wimbi likifuata lililotangulia kwa nafasi inayokaribiana. Kama chanzo kipo na kinaendelea kutumiwa, mchoro unatambaa kwa muda mrefu. Wagonjwa wa 2004 walitapakaa kwa miezi, na hilo linaingia akilini ukikumbuka kwamba gunia la mahindi halimalizwi siku moja. Kila nyumba ilikuwa na akiba yake na iliendelea kuila.

Hesabu rahisi hufanyika papo hapo. Gawanya vifo 125 kwa wagonjwa 317, unapata asilimia 39. Kiwango hicho cha vifo peke yake kinazungumza, kwa kuwa homa ya ini aina ya A, ambayo mtu angeishuku kwanza, huua wachache sana. Kumbuka lakini kwamba kiwango hiki kinategemea fasili. Ukihesabu tu waliofika hospitalini hali zao zikiwa mbaya, utaona vifo vingi kuliko hali halisi ya jamii nzima. Hapo tena unaona kwa nini fasili haiwezi kuja baada ya hesabu.

Dhana, na swali la kumuuliza mkulima

Sasa, na si kabla ya sasa, unaunda dhana. Una ini lililoharibika, vipimo visivyoonyesha kwamba virusi ndivyo chanzo, wagonjwa wa vijijini wa umri mbalimbali, kumbukumbu ya 1981, na msimu ambao mahindi yalivunwa mvua zikiwa zimewahi. Dhana inakaribia kujitunga: wamekula mahindi yenye sumukuvu.

Lakini dhana nzuri lazima iweze kupimwa, na hapa ugumu ni wa kipekee. Ukambani, kama sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania, mahindi ndiyo chakula. Isyo, muthokoi, ugali, uji, vyote ni mahindi. Ukiwauliza wagonjwa, “Je, ulikula mahindi?” wote watasema ndiyo. Ukiwauliza jirani zao wazima, nao watasema ndiyo. Swali hilo halitenganishi chochote. Dhana inayopimika inabidi ishuke chini zaidi: mahindi ya nani, yalilimwa wapi, yalikaushwaje, yalihifadhiwa wapi ndani ya boma, yalikuwa na unyevu yalipoingizwa, yalibadilika rangi? Wakati wa njaa watu huingiza mahindi ndani ya nyumba wanayolala wakihofia wizi, nako hewa haipiti kama kwenye ghala lililoinuliwa. Maelezo kama haya hayatoki maabara. Yanatoka kwa kukaa na watu na kuwauliza, ndiyo maana wachunguzi wazoefu huwahoji wagonjwa wachache kwa mazungumzo huru kabla hawajaandika dodoso.

Kisha dhana inapimwa kwa kulinganisha. Timu ilichukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vilevile. Mwanafunzi huuliza kwa nini hawakuwafuata wakazi wote na kuhesabu waliokula hiki na waliokula kile. Jibu ni kwamba wakazi ni wengi mno, mipaka ya nani alikuwa hatarini haijulikani, na ugonjwa wenyewe umewapata wachache kati yao. Katika hali hiyo unaanza na wagonjwa, unatafuta wazima wa kulinganisha nao, na unapima nguvu ya uhusiano kwa uwiano wa uwezekano, yaani uwezekano kwamba wagonjwa walikutana na kitu kinachoshukiwa ukigawanywa kwa uwezekano huohuo kwa wasiougua.

Ingekuwa harusi mambo yangekuwa tofauti. Tufikirie wageni 120, wote wanajulikana kwa majina, 60 walikula kachumbari na 60 hawakula. Kati ya waliokula, 48 waliharisha, ambao ni asilimia 80. Kati ya wasiokula, waliharisha 6, asilimia 10. Unagawanya 80 kwa 10 na kusema waliokula walikuwa na hatari mara 8. Hesabu hiyo imewezekana kwa sababu una orodha kamili ya wote waliokuwepo. Katika mtihani, tafuta ishara hiyo: orodha ya waalikwa, wanafunzi wa bweni moja, abiria wa meli moja, humaanisha kundi zima linaweza kufuatwa. Wilaya nzima humaanisha wagonjwa na wa kulinganisha.

Matokeo ya 2004 yalikuwa wazi. Mahindi yaliyochukuliwa kwenye nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumukuvu wa takriban mikrogramu 355 kwa kila kilo, na ya nyumba za wasiougua takriban 44, yaani tofauti ya mara nane. Nyumba za wagonjwa ndizo zilizokuwa na mazoea zaidi ya kuhifadhi mahindi ndani, yakiwa na unyevu. Damu nayo iliafiki, kwani alama za sumukuvu zilikuwa juu kwa wagonjwa kuliko kwa wazima. Lilijitokeza pia jambo ambalo dhana ya kwanza haikulitaja: waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa. Hii haimaanishi virusi ndivyo vilivyoleta mlipuko. Inaelekea ini ambalo tayari lina mzigo mmoja halistahimili wa pili. Ndivyo dhana inavyorekebishwa, nayo ni hatua inayotajwa kwenye orodha nyingi na kusahauliwa na watahiniwa wengi: ukipata matokeo, unarudi kuitazama upya dhana yako.

Hebu pia tazama tena ile namba 44. Kikomo kilichowekwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Kwa hiyo hata nyumba za wasiougua zilikuwa, kwa wastani, zinakula mahindi yaliyozidi kikomo mara mbili. Timu ambayo ingepima mahindi ya wagonjwa peke yake, bila kundi la kulinganisha, ingesema “tumepata sumukuvu” na ingekuwa sahihi, lakini isingejua kama sumu hiyo ndiyo iliyowatofautisha waliougua na wasiougua. Ndiyo maana kukimbilia maabara na gunia la kwanza unaloliona si mbadala wa kulinganisha. Maabara na takwimu hutembea bega kwa bega: sampuli fulani za mlipuko ule zilifika mikrogramu 4,400 kwa kilo, mara 220 ya kikomo, na namba kama hizo zinaeleza namna mtu anavyoweza kufa. Kulinganisha ndiko kunakoeleza kwa nini ni huyu na si jirani yake.

Udhibiti hauna zamu

Orodha karibu zote huweka udhibiti karibu na mwisho, baada ya dhana kupimwa. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye huruma hushangaa: watu wanakufa, nasi tunahesabu takwimu? Ana haki ya kushangaa. Nafasi ya udhibiti kwenye orodha inaonyesha wakati ambapo hatua kamili, zilizolenga chanzo chenyewe, zinaweza kupangwa kwa uhakika. Haisemi kwamba ukae mikono mifukoni hadi hapo. Hatua za awali huanza mara unapojua kiasi cha kutosha kupunguza madhara.

Kiasi cha kutosha ni kipi? Uliza mambo mawili: je, tunajua chanzo au njia ya kuenea, na je, tunajua kisababishi? Ukijua njia ya kuenea, anza, hata kama kisababishi hakijapata jina. Wagonjwa wa kuharisha maji wakitokea kuwa wote wanachota kisima kimoja, maji hutiwa dawa na watu huambiwa wachemshe leo, na majibu ya kinyesi yatakuja baadaye yakikuta kazi imeanza. Ukijua kisababishi lakini hujui kilikotoka, unatumia yale unayoyajua kuhusu kisababishi hicho, kama kuwatenga wagonjwa au kuwachanja wanaowazunguka, huku uchunguzi wa chanzo ukiendelea. Usipojua lolote kati ya hayo mawili, uchunguzi wenyewe ndio udhibiti wa haraka zaidi ulio nao.

Kwa mahindi ya ukambani, onyo la kutokula mahindi yaliyobadilika rangi au kuota kuvu halikuhitaji kungoja uwiano wa uwezekano. Lakini onyo hilo lina mipaka, na mtu wa afya lazima aiseme. Kupika hakuiondoi sumukuvu, kwa hiyo kumwambia mama apike zaidi ni kumdanganya. Mahindi yanaweza kuwa na sumu bila kuonekana kuwa na kuvu. Na zaidi ya yote, huwezi kumwambia mtu mwenye njaa atupe gunia lake la mwisho bila kumpa jingine. Ndiyo maana hatua kuu ilikuwa kugawa chakula mbadala kwa maeneo yaliyoathirika, pamoja na kukagua na kuondoa mahindi mabaya.

Hapa kulinganisha nyumba kwa nyumba hakukutosha, na uchunguzi ulipanuka. Timu iliingia masokoni, ikakusanya sampuli 350 za mahindi kwa wauzaji kutoka masoko 65. Asilimia 55 zilizidi kikomo cha 20, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Maana yake kwa udhibiti ni nzito: mama aliyetupa mahindi ya nyumbani akaenda kununua sokoni angeweza kununua sumu ileile, pengine iliyotoka shambani kwa jirani yake. Mpango uliohusu ghala za nyumbani tu ungevuja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutenganisha hatua za awali na hatua kamili. Za awali zilijengwa juu ya kile kilichojulikana kuhusu nyumba, na zile kamili zilihitaji kujua soko.

Baada ya udhibiti inabaki kufuatilia na kutoa taarifa. Ufuatiliaji ndio unaoonyesha kama wagonjwa wapya wanapungua kweli, au mlipuko umehamia kijiji kingine. Ukambani sumukuvu ilirudi mwaka 2005 na tena 2006. Mwaka 2016 ilizuka Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na wakafa 20. Taarifa ya 1981 ndiyo iliyowafanya wachunguzi wa 2004 washuku mahindi mapema, kwa hiyo ripoti haiandikwi kwa ajili ya kabati.

Kurudi kwenye karatasi

Sasa zile hatua sita. Kuthibitisha mlipuko kwanza, maana bila hilo huna cha kuchunguza. Fasili ya pili, kwa kuwa kutafuta kunahitaji kujua unatafuta nani. Kutafuta wagonjwa ni ya tatu, kwa sababu dhana inajengwa kwa kuwatazama wote na si wawili waliofika kwanza. Dhana ya nne. Kulinganisha ya tano, kwani huwezi kupima dhana ambayo haijaandikwa. Udhibiti wa sita, ukimaanisha ule kamili. Kama swali limekutaka ueleze, andika sentensi moja kwamba hatua za awali zimeanza tangu mapema. Msahihishaji makini huitafuta sentensi hiyo.

Aina ya pili ya swali haikupi orodha, inakuweka katikati ya safari. Mfano: “Timu imethibitisha kwamba wagonjwa wa umanjano wamezidi kawaida, vipimo havionyeshi virusi vya ini, na fasili ya mgonjwa imekubaliwa. Afisa mmoja anapendekeza mahindi ya nyumba tatu za wagonjwa yapelekwe maabara na matokeo yatangazwe. Hatua inayofuata ni ipi?” Mahindi yanavuta macho, hasa kwa msomaji aliyekwisha kusoma habari za 2004. Pigia mstari kilichokwisha kufanyika: mlipuko, utambuzi, fasili. Kinachofuata ni kutumia fasili hiyo kutafuta wagonjwa wote na kuwaorodhesha. Kuchukua sampuli za nyumba tatu si dhambi, tena ni busara kuzichukua mapema kabla mahindi hayajaliwa au kutupwa, zikatunzwa zikiwa kavu kwenye mifuko ya karatasi ili kuvu asiendelee kuota njiani. Kosa la afisa liko kwenye neno “yatangazwe”. Nyumba tatu zisizo na za kulinganisha haziwezi kubeba tangazo la chanzo.

Badilisha kidogo swali lilelile: orodha ya wagonjwa imekamilika, mchoro umechorwa, na karibu wote wanatoka kwenye nyumba zilizonunua mahindi kwa muuzaji mmoja ambaye bado anauza. Sasa ukiulizwa la kufanya leo, kulinganisha kunaweza kungoja hadi kesho asubuhi. Mahindi ya muuzaji yule yazuiwe leo.